Mshale mwekundu, ghala limejaa: kadi za viashiria zinapodanganya kwa rangi

Ilikuwa tarehe 10 Desemba, kwenye ghala dogo la korosho hapa Mtwara. Malori mawili yalikuwa nje yakisubiri kushusha, na magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na mlango. Ukutani ofisini kulikuwa na skrini niliyoitengeneza mwenyewe, yenye kadi nne, yaani visanduku vinavyoonyesha namba kuu na mshale wa kupanda au kushuka. Kadi ya kwanza iliandika kilo 131,000, na chini yake mshale mwekundu wa kushuka: 68%.

Meneja akanitazama. "Mzee, kadi yako inasema tumekufa. Sasa hawa walio nje wamekuja kutuzika?"

Tangu siku hiyo nimeitwa mara nyingi kwa malalamiko ya namna hiyo, kutoka vyama vya msingi, kikundi cha akina mama wabanguaji, na hata duka moja la vifaa Lindi mjini. Hesabu ya kadi mara nyingi huwa sahihi. Kasoro iko kwenye kile ambacho namba inalinganishwa nacho, au kwenye uamuzi kwamba juu ni kijani na chini ni nyekundu, uamuzi ambao aghalabu hakuna mtu aliyeufanya, umekuja na programu. Nimepanga dalili kwa jinsi zinavyoripotiwa. Chini ya kila moja anza na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea zaidi. Namba za mifano nimezizungusha ili hesabu ifuatike.

## Dalili: mwezi ukianza kadi ni nyekundu, mwezi ukiisha inapona yenyewe

Sababu nambari moja, na sioni ya kushindana nayo: siku chache zinalinganishwa na mwezi mzima. Kilo 131,000 za pale ghalani zilikuwa za tarehe 1 hadi 9 Desemba. Kadi ikaziweka kando ya kilo 412,000 za Novemba yote. Hapo hata ghala lingepokea mara mbili ya kawaida, mshale ungeendelea kuwa mwekundu.

Kuikagua ni rahisi. Soma maandishi madogo chini ya kadi. Yakisema "dhidi ya mwezi uliopita" bila tarehe, shuku. Kisha jumlisha kwa mkono kilo za tarehe 1 hadi 9 za mwezi uliopita uone kama kadi ilitumia jumla hiyo. Sisi tulipata 96,000. Kutoka 96,000 kwenda 131,000 ni ongezeko la 36%. Mshale ukageuka juu, ukawa kijani, na meneja akacheka.

Kwenye Google Sheets au Excel, ikiwa tarehe ziko safu ya A na kilo safu ya C, weka siku ya kwanza ya mwezi kwenye B1 na siku ya mwisho yenye data kwenye B2. Kipindi cha nyuma kinapatikana hivi:

```
=SUMIFS(C:C, A:A, ">="&EDATE(B1,-1), A:A, "<="&EDATE(B2,-1))
```

Kwenye B2 usiweke `TODAY()`. Weka `MAX(A:A)`, ili kadi isihesabu leo kama siku kamili wakati hakuna aliyeingiza chochote. Kosa hili dogo linakula siku moja nzima ya mapokezi, na kwenye wiki ya kwanza ya mwezi siku moja ni nyingi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimebadilisha uongo mwekundu kwa uongo wa kijani. Ndiyo sababu ya pili: msimu. Mwanzoni mwa Novemba korosho bado zinaanguka, zinaokotwa na kuanikwa, na mzigo ghalani unapanda wiki kwa wiki. Desemba mwanzoni mzigo umekolea. Kulinganisha siku tisa hizi na siku tisa zile ni kumpima mtoto wa darasa la tano kwa kumsimamisha na wa darasa la kwanza. Ongezeko la 36% halikumwambia meneja kama msimu ni mzuri. Lilimwambia kuwa msimu umefika katikati, jambo ambalo malori yalishamwambia.

Kwa mazao yanayouzwa kwa minada, korosho kwetu na ufuta kule Lindi, kipindi kinachofaa kulinganishwa kiko msimu uliopita. Na hata hapo usitumie tarehe. Mnada wa kwanza hauanguki siku ileile kila mwaka. Ukichelewa wiki mbili, kadi inayolinganisha tarehe kwa tarehe itakuwa nyekundu msimu mzima kwa sababu ya kalenda. Tumia namba ya mnada: wa saba kwa wa saba. Ongeza safu moja kwenye jedwali la mapokezi, iite `Mnada`, na kila mzigo upewe namba ya mnada ulioingia. Pale ghalani, mnada wa saba ulikuwa na kilo 88,000. Mnada wa saba wa msimu uliopita ulikuwa na 94,000. Kupungua kwa 6%.

Kwa hiyo korosho zilezile, ndani ya kuta zilezile, zilikuwa nyekundu iliyokolea kwa 68%, zikawa kijani kwa 36%, kisha zikawa nyekundu hafifu kwa 6%. Ile ya mwisho ndiyo ya kuipeleka kwenye kikao. Na bado iulizwe swali moja: je, 6% ni kitu?

Sababu ya tatu ya rangi kuyumba ni hiyo, mabadiliko madogo kupakwa rangi. Chukua msimu mzima uliopita, andika kila mnada ulibadilika kwa asilimia ngapi kutoka kwa uliotangulia katikati ya msimu, uone kawaida yake. Pale tuliona kupanda na kushuka kwa 10% ni jambo la kila wiki. Lori moja likikwama barabarani linatosha kuleta tofauti hiyo. Basi tukakubaliana: chini ya 10% mshale unabaki wa kijivu. Meneja alilalamika wiki ya kwanza kwamba kadi "imepoa". Wiki ya tatu hakulalamika tena.

Simama hapa iwapo kilo zimeshuka kweli, mnada kwa mnada, na kushuka kote kunatoka chama kimoja cha msingi huku majirani zake wako sawa. Usiendelee kuchezea kadi. Inaweza kuwa mzigo unauzwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, kabla haujafika ghalani, inaweza kuwa mizani, inaweza kuwa maradhi ya mikorosho. Mpelekee meneja na ofisa ushirika jedwali lenye stakabadhi za chama hicho, bila rangi.

## Dalili: mshale wa kijani umepanda, lakini kila mtu ana huzuni

Sababu ya kwanza: kiashiria ni cha aina ambayo kupungua ndiko kuzuri, na programu haijaambiwa. Programu nyingi huanza na dhana kwamba zaidi ni bora. Korosho za daraja la pili, siku ambazo mkulima anasubiri malipo baada ya mnada, magunia yaliyochanika, korosho zilizovunjika wakati wa kubangua: vyote hivi vikipanda ni msiba, na vyote nimeviona vikimeremeta kijani.

Kadi ya daraja la pili iliniaibisha zaidi. Wiki moja zilikuwa 4 kati ya kila korosho 100, wiki iliyofuata 6. Kadi ikaandika mshale wa juu, kijani, 50%. Kuna makosa mawili hapo, na ukirekebisha la rangi peke yake unaacha lingine. Kutoka asilimia 4 kwenda asilimia 6 ni ongezeko la pointi 2. Ni kweli pia kwamba 6 ni nusu zaidi ya 4, lakini mjumbe wa bodi anayesoma "daraja la pili, 50%" anaweza kuondoka akiamini nusu ya mzigo umeharibika. Kiashiria ambacho chenyewe ni asilimia, tofauti yake iandikwe kwa pointi: toa moja kwa nyingine, usigawanye.

Marekebisho ya rangi ni mepesi. Kwenye Excel au Google Sheets, muundo wa namba wa kiashiria cha kawaida ni huu wa kwanza. Wa kiashiria ambacho kupanda ni kubaya ni huu wa pili:

```
[Color10]▲ 0.0%;[Red]▼ 0.0%;0.0%
[Red]▲ 0.0%;[Color10]▼ 0.0%;0.0%
```

Mshale umebaki kusema namba imeenda wapi. Rangi ndiyo iliyogeuzwa. Usifanye kinyume chake. Nimeona mtu akigeuza mshale badala ya rangi, kwa hiyo daraja la pili likipanda mshale unashuka, na ofisi nzima ikabaki inabishana kama namba imeongezeka au imepungua. Kwenye kadi ya KPI ya Power BI kuna chaguo la `High is good` na `Low is good`. Kwenye Looker Studio, rangi ya ongezeko na ya upungufu huchaguliwa kila kadi peke yake kwenye sehemu ya mtindo. Angalia hasa kadi ulizozinakili kutoka nyingine, kwa kuwa rangi hunakiliwa pamoja nazo.

Sababu ya pili: si juu wala si chini kuzuri. Unyevu wa korosho ghafi ndio mfano wetu. Zikiwa na maji mengi zinaota ukungu ghalani. Zikikauka kupita kiasi punje inavunjika mashineni. Kadi ya unyevu yenye kijani upande mmoja itamsukuma mtu aanike bila kikomo. Kadi kama hiyo iondolee rangi kwenye mshale kabisa. Rangi iwekwe kwenye namba yenyewe: ndani ya kiwango ambacho ghala lako limepangiwa isiwe na rangi, nje ya kiwango, upande wowote, iwe ya onyo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Nilikitengenezea kile kikundi cha wabanguaji kadi kwa kunakili za chama cha wakulima. Kadi ya bei ya korosho ghafi ilikuja na kijani chake cha kupanda. Mnada ukapandisha bei, kadi ikawaka kijani, na mama mwenyekiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii rangi unamshangilia nani?" Kikundi kinanunua korosho ghafi. Bei ikipanda ni shangwe kwa mkulima na ni mtaji zaidi unaohitajika kwa mbanguaji. Namba moja, ukweli mmoja, rangi mbili zinazopingana, na zote sahihi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya bei, ya gharama ya usafiri au ya akiba iliyoko ghalani, andika kwanza jina la anayesoma juu ya kadi. Kadi ikisomwa na pande zote mbili, kwa mfano kwenye kikao cha wanunuzi na wauzaji, ibaki nyeusi.

Simama hapa ikiwa daraja la pili limepanda na watu wameshaanza kutaja majina ya waliochanganya mzigo. Kadi haiwezi kujua kama ni mvua, kuanika vibaya au hila. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa ubora na sampuli mkononi.

## Dalili: asilimia za ajabu

Kuna 900%, kuna `#DIV/0!`, na kuna hasara iliyopungua lakini mshale unashuka.

Kwa kawaida kipindi cha nyuma kilikuwa kidogo mno au sifuri. Mnada wa kwanza unafuata wiki isiyo na mzigo, na sifuri haigawanyi. Magunia 3 yakifuatwa na 30 hiyo ni 900%, hesabu sahihi isiyo na faida kwa yeyote. Onyesha tofauti kwa magunia au kilo hadi minada miwili mitatu ipite.

Mara chache, namba ya nyuma ni hasi. Kikundi kilipata hasara ya shilingi 200,000 mwezi mmoja, na 50,000 mwezi uliofuata. Tofauti ni nafuu ya 150,000. Fomula ya kawaida inagawanya kwa hasi 200,000 na kutoa hasi 75%, mshale mwekundu chini. Wakina mama walijibana mwezi mzima, kisha skrini ikawakaripia. Kwa faida na hasara mimi siweki asilimia kabisa, naweka shilingi. Kwa viashiria vingine, kinga hii inatosha, B3 ikiwa kipindi cha sasa na B4 cha nyuma:

```
=IF(B4<=0, "—", (B3-B4)/B4)
```

## Dalili: Excel imeweka mshale wa juu kwenye namba iliyoshuka

Huyu ni mdudu anayeng'ata kimya. Mishale mitatu ya rangi iliyomo kwenye `Icon Sets` haitazami kama namba ni chanya au hasi. Inatazama nafasi ya namba kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote katika eneo ulilochagua: theluthi ya juu kijani, ya kati njano, ya chini nyekundu.

Tuseme vyama vitano vimebadilika kwa -12%, -9%, -5%, -3% na -2%. Vyote vimeshuka. Excel itaweka mshale wa kijani wa juu kwenye vitatu vya mwisho, kwa sababu ndivyo vilivyoshuka kidogo kuliko wenzao. Nimeona taarifa ya namna hii ikisomwa kikaoni, chama kikapigiwa makofi.

Fungua `Conditional Formatting`, kisha `Manage Rules`, hariri kanuni. Badilisha aina kutoka `Percent` kuwa `Number`; kijani iwe `>` 0, njano `>=` 0, zilizobaki zitakuwa nyekundu. Kwa viashiria ambavyo kupanda ni kubaya, usibonyeze `Reverse Icon Order` ukadhani umemaliza: mshale nao utageuka, tukarudi kwenye ule ubishi wa juu na chini. Bora muundo wa namba niliouonyesha hapo nyuma.

## Dalili: asubuhi nyekundu, mchana kijani, na hakuna aliyegusa

Angalia kwanza nani hajaleta taarifa. Vyama vya mbali huingiza mapokezi ya jana leo jioni, mtandao ukiruhusu. Kadi ya Jumatatu inakosa vijiji kadhaa, ya Jumatano imekamilika. Dawa si kusubiri: andika kwenye kadi yenyewe idadi ya vyama vilivyoripoti, mfano "14 kati ya 19", na ufiche mshale hadi idadi itimie.

Kama wote wameripoti, tazama saa ya faili. Kwenye Google Sheets ni `File`, `Settings`, `Time zone`. Faili likiwa limewekwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, basi mwezi wa kumi na mbili huku kwetu ikiwa saa 4 asubuhi, kwa faili bado ni jana usiku. Kila kitu kinachotegemea `TODAY()` kitavuka siku saa 5 asubuhi. Weka saa za Afrika Mashariki, GMT+03:00, ufunge na kufungua upya.

Simama hapa ikiwa data inatoka kwenye mfumo mwingine na tarehe za huko ndizo zilizorudi nyuma kwa siku moja. Usiongeze saa tatu kwa mkono kwenye safu ya tarehe. Siku mtunza mfumo atakapoirekebisha, marekebisho yako yatasukuma mizigo mbele na hutajua ni ipi. Mpigie simu yeye, umpe mifano mitatu ya stakabadhi zenye tarehe mbili.

## Dalili: mmoja anasema imepanda, mwingine imeshuka, karatasi ni ileile

Karatasi ilipita kwenye mashine ya nakala nyeusi na nyeupe kabla ya kubandikwa kwenye ubao wa chama. Nyekundu na kijani zenye uzito unaokaribiana zote hutoka kijivu, na kama kadi ilitegemea rangi bila alama ya mshale, hakuna kilichobaki. Jaribio lake ni la bure: toa nakala moja, umpe mtu ambaye hajaona skrini asome.

Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani hata kwenye skrini nzuri. Wanaume ndio wengi, kwa kuwa jeni inayohusika iko kwenye kromosomu X na mwanamume ana moja tu. Mtu huyo hatakuambia, wengine hawajui. Karani mmoja alikuwa akisoma kadi kwa miaka kwa kuangalia ncha ya pembetatu, na tulipogeuza pembetatu kuwa kitone cha rangi alianza kukosea taarifa.

Badala ya kijani tumia bluu, na badala ya nyekundu tumia chungwa. Jozi hiyo wengi wao huitofautisha, na hata kwenye simu juani inaonekana vizuri zaidi. Acha mshale ubaki, na kando yake andika neno: "nafuu" au "mbaya zaidi". Yale maneno mawili yalichukua nafasi ndogo kuliko nilivyoogopa, na kwenye ubao wa chama ndiyo yanayosomwa kwa sauti.

Simama kabisa, bila kugusa rangi wala fomula, pale namba kubwa ya kadi isipolingana na jumla ya stakabadhi za ghala. Hifadhi nakala ya faili kama lilivyo, andika tarehe na saa, na umwite mhasibu pamoja na mkaguzi wa hesabu wa ushirika.